Kuandika Upya Kijarida cha Matokeo ya Mtihani: Lugha ya Sifa Isiyojenga Ngazi

1. Dibaji

Matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, shule nyingi za sekondari nchini Kenya hutoa kijarida cha habari chenye kurasa mbili au nne. Kijarida hicho hupelekwa kwa wazazi, kwa bodi ya usimamizi, kwa wanafunzi wa zamani na kwa wafadhili. Siku hizi aghalabu husambazwa kwa simu, na ndani ya saa chache huwa kimekwisha kuenea kijiji kizima. Aghalabu mwandishi wake ni mwalimu wa lugha, kwa sababu huyo ndiye anayedhaniwa kujua kuandika. Kwa hiyo yafaa wanafunzi wa idara zetu, ambao wengi wao watakuwa walimu, walitazame andiko hili kwa jicho la kiisimu.

Swali linaloshughulikiwa hapa ni hili: je, yawezekana kusifu kazi iliyofanywa na watahiniwa bila kuwapanga kwa ngazi na bila kumwaibisha aliyepata alama ndogo? Jibu la haraka ambalo hutolewa ni kwamba inatosha kuiondoa orodha ya nafasi. Serikali yenyewe ililijaribu jibu hilo. Mwezi wa Novemba 2014, Jacob Kaimenyi, aliyekuwa Waziri wa Elimu wakati huo, alitangaza kufutwa kwa utaratibu wa kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi katika mitihani ya kitaifa. Walakini ngazi haiishi katika orodha peke yake. Imo katika vitenzi, katika viunganishi, katika mpangilio wa majina, na hata katika hesabu ambayo msomaji anaweza kuifanya mwenyewe kwa nambari alizopewa. Mwandishi anaweza kuifuta nafasi ya kwanza na ya sitini na nne, na bado akaacha ngazi nzima imesimama katika sentensi zake.

2. Andiko la mfano

Ili hoja isielee hewani, tuchukue andiko moja na kulifanyia kazi. Andiko lenyewe limetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini msomaji yeyote aliyewahi kushika kijarida cha shule atalitambua. Tuseme shule ni ya kutwa na ina watahiniwa 64. Gredi zao ni hizi: A- mmoja, B+ watatu, B wanne, B- sita, C+ wanane, C kumi na mmoja, C- kumi na wawili, D+ kumi, D sita, D- wawili na E mmoja. Kijarida kinasema:

"Shule yetu yatia fora! Wastani umepaa kutoka 5.412 hadi 5.781. Kinara wetu, Fulani, ameibuka wa kwanza kwa A- na kuwaacha wenzake mbali. Mkondo wa Mashariki umeushinda wa Magharibi. Kumi bora ni hawa wafuatao. Wengine walipata C tu. Kwa bahati mbaya watahiniwa 9 walituangusha kwa kupata D na chini yake. Bila wao wastani wetu ungefika 6.309. Mmoja alivuta mkia kwa E. Waliobaki nyuma wajue kwamba hawakufuata mawaidha ya walimu."

Aliyeandika maneno haya huenda ni mwalimu mwema. Alitaka kushangilia, na katika furaha yake akatumia maneno yaliyo karibu, yaani maneno ya mbio, ya vita na ya mpira. Kazi yetu ni kuyachunguza maneno hayo moja baada ya jingine, tuone ni yapi yanayomsifu mtu kwa alichokifanya na ni yapi yanayomsifu kwa kuwa yuko juu ya mwenziwe.

3. Ngazi katika sarufi

Vivumishi vya Kiswahili havina umbo maalumu la kulinganisha. Tunapotaka kulinganisha huazima msaada kwingineko: husema fulani ni mrefu kuliko fulani, au ni mrefu kupita fulani, au ni mrefu kushinda fulani. Tazama jinsi kitenzi kushinda kinavyobeba mizigo miwili. Mwanafunzi anaposhinda mtihani, anayeshindwa ni mtihani. Mwanafunzi anapowashinda wenziwe, wanaoshindwa ni watu. Mwandishi wa kijarida huanza na maana ya kwanza, kisha bila kujua huteleza hadi ya pili, na sherehe ikageuka kuwa taarifa ya ushindi dhidi ya wanafunzi wa shule ile ile. Mkondo wa Mashariki haukufanya mtihani dhidi ya mkondo wa Magharibi. Wote waliufanya mtihani mmoja uliotungwa na baraza moja.

Hapa ndipo tunapopata kipimo chepesi cha kuikagua sentensi yoyote ya sifa. Jiulize: je, sentensi hii ingebaki kuwa kweli hata kama watahiniwa wote wangepata alama ile ile? "Fulani amepata A-" ingebaki kuwa kweli. "Watahiniwa wote waliosajiliwa walimaliza karatasi zao" ingebaki kuwa kweli. Lakini "Fulani ameibuka wa kwanza", "amewaacha wenzake", "kumi bora" na "ameongoza" zote zingeanguka, kwa sababu haziwezi kusimama bila mtu mwingine kuwa chini. Sentensi inayohitaji mtu wa kukanyaga ni ya ngazi, hata kama haina nambari ndani yake.

Baada ya vitenzi huja maneno madogo, na haya ni hatari kwa kuwa jicho huyapita. Neno "tu" katika "walipata C tu" lina herufi mbili, lakini limetoa hukumu ambayo baraza la mitihani halikuitoa. Neno "hata" katika "hata waliopata D wanaweza kujiendeleza" linadai kufariji, ilhali linamwambia msomaji kwamba watu hawa walikwisha kutolewa katika hesabu ya wanaotarajiwa kujiendeleza. "Angalau" hufanya kazi hiyo hiyo. "Ingawa" nayo huingia katika sifa zinazodhaniwa kuwa za huruma: "Ingawa anatoka katika familia maskini, amefaulu." Sentensi hiyo imemvua mtoto na wazazi wake nguo mbele ya kijiji kizima ili kuipamba habari ya shule. Dawa ya maneno haya ni kuyafuta na kuisoma sentensi upya. Ikiwa sentensi imebaki na maana iliyokusudiwa, neno lile lilikuwa ni hukumu tupu.

Halafu kuna majina ya mabaki: "wengine", "waliosalia", "waliobaki nyuma". Katika andiko letu watahiniwa kumi wametajwa kwa majina, na 54 wamekuwa "wengine". Msomaji wa kijijini haisomi orodha ya kumi bora kama orodha ya watu kumi. Huisoma kwa kutafuta jina la mtoto wa jirani, na asipoliona huwa amepata habari aliyoitafuta. Ndiyo maana kuchapisha walio juu peke yao si njia ya kuwasitiri walio chini. Kila orodha ya baadhi ya watu ni orodha mbili, moja iliyoandikwa na nyingine iliyoachwa msomaji aijaze.

Mwisho kuna sitiari za kuanguka na za mkia. "Kuanguka mtihani" na "kufeli" ni maneno yanayodai kwamba kuna mstari ambao mtu amekuwa chini yake. Hata hivyo, KCSE haina mstari mmoja wa kufaulu na kufeli. Ni mtihani unaotoa gredi, kuanzia A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1, na sharti la kuendelea hutegemea ni wapi mtu anataka kwenda. Kwa hiyo kusema mtahiniwa wa D alifeli si ukali tu. Ni kosa la maelezo. Ama kuhusu "kuvuta mkia", sitiari hiyo haielezi alama hata kidogo. Inaeleza mahali pa mtu katika msururu, na inamfanya kuwa sehemu ya mnyama.

4. Ngazi katika hesabu

Tukiyasafisha maneno yote hayo, bado hatujamaliza, maana nambari nazo husema. Tuanze na wastani. Wastani wa shule hupatikana kwa kujumlisha pointi za gredi zote na kugawanya kwa idadi ya watahiniwa. Katika mfano wetu jumla ni pointi 370, nazo zikigawanywa kwa 64 hutoa 5.781. Kijarida kinawalaumu watahiniwa 9 kwa kuushusha wastani. Hebu tuwatoe tuone. Tisa hao wana pointi 23 kwa pamoja. Zikiondolewa hubaki pointi 347 kwa watahiniwa 55, na wastani huwa 6.309 kama kijarida kilivyosema. Hesabu ni sahihi. Lakini C ni pointi 6, na nambari zote mbili, 5.781 na 6.309, zikikadiriwa kwa nambari kamili iliyo karibu hutoa 6. Yaani shule imewafukuza watoto 9 kwa kalamu, na gredi ya wastani wake imebaki C ile ile.

Isitoshe, sentensi ya "bila wao" ina madhara yanayozidi aibu. Inamfundisha msomaji kwamba mwanafunzi mwenye alama ndogo ni gharama kwa shule. Mzazi wa mtoto wa kidato cha tatu anayesoma maneno hayo anaelewa vizuri mtoto wake atakavyohesabiwa mwaka ujao. Tukumbuke pia kwamba kutoka 5.412 hadi 5.781 si safari iliyofanywa na kundi moja la watu. Ni vikundi viwili tofauti, vya miaka miwili tofauti, na kumsifu wa mwaka huu kwa "kupaa" ni kumwambia wa mwaka jana kwamba alikuwa chini. Ikiwa bodi inaudai wastani, na uandikwe mara moja katika taarifa ya bodi, pamoja na idadi ya watahiniwa. Kichwa cha habari si mahali pake.

Jambo la pili ni la vikundi vidogo. Kijarida kinasema "mmoja" alipata E, na hakikumtaja jina. Je, kumsitiri kumefanikiwa? Katika shule ya kutwa yenye watahiniwa 64 wanaotoka vijiji jirani, jina hilo litajulikana kabla ya jioni. Mtu huwa hafichiki kwa kutotajwa jina. Hufichika kwa kuwa miongoni mwa wengi. Kwa hiyo wanaotoa takwimu za watu hujiwekea kanuni ya kutochapisha kundi lenye watu wachache mno. Kwa shule ya ukubwa huu, yafaa kuamua kwamba kundi lolote lenye watu chini ya 10 halitachapishwa peke yake, bali litaunganishwa na jirani yake.

Hapa mwandishi hukutana na mtego ambao wengi hawauoni. Tuseme ameamua kuwapanga watahiniwa kwa njia zilizo wazi mbele yao. Walio na C+ au zaidi, ambao wanaweza kuomba digrii, ni 22. Walio na C au C-, ambao wanaweza kuomba diploma, ni 23. Walio na D+ au D, ambao wanaweza kuomba kozi za cheti, ni 16. Wanaosalia ni 3, ambao mlango wao ni kozi za ufundi stadi. Kwa kuwa 3 ni wachache, mwandishi analiacha kundi hilo bila kulitaja na kuchapisha 22, 23 na 16. Lakini mwanzoni mwa kijarida alikwisha kuandika kwamba watahiniwa walikuwa 64. Msomaji anajumlisha, anapata 61, anatoa kutoka 64, na wale watatu waliofichwa wanasimama peupe kuliko mwanzo, kwa sababu sasa wana alama ya kufichwa. Kunyamaza hakukutosha. Inavyopasa ni kuunganisha 16 na 3 kuwa kundi moja la watahiniwa 19 wenye njia ya kozi za cheti na za ufundi stadi. Hapo jumla ya 22, 23 na 19 ni 64, hesabu imefungwa, na hakuna wa kutolewa.

Mtego huo huo hujificha katika tuzo ya "aliyeimarika zaidi". Tuzo hii husifiwa kwa kuwa haimwangalii wa kwanza, bali humlinganisha mtoto na nafsi yake. Nia ni njema. Walakini ukiandika kwamba Fulani amepanda kwa pointi 4 hadi C+, umemwambia kila anayejua kutoa kwamba mwanzoni alikuwa na D. Tena kuna neno "zaidi", ambalo limeleta ngazi mpya mahali pa ile ya kale. Maendeleo ya mtu mmoja mmoja ni habari ya kumwambia yeye na mzazi wake ana kwa ana, au kwa barua yake mwenyewe. Habari hiyo ikiwa nzuri, naye akitaka itangazwe, ataisema kwa kinywa chake.

5. Basi kisifiwe nini?

Baada ya kuondoa haya yote, mwalimu anaweza kuuliza kwa haki: kumebaki nini? Kumebaki kazi yenyewe. Andiko la kwanza halikusema hata sentensi moja juu ya walichokifanya wanafunzi. Lilisema walikofika na nani alikuwa mbele ya nani. Mzazi aliyelisoma hakujua ni vitabu gani vilisomwa, ni insha ngapi ziliandikwa, wala ni nani aliyemsaidia mwenziwe. Kijarida kinachosifu bila ngazi humlazimisha mwandishi kutoka ofisini na kwenda kuuliza.

Tuseme mwandishi wetu ameuliza na kupata mambo mawili. La kwanza, watahiniwa walijigawa katika vikundi 8 vya watu 8, na kila Jumamosi wakasahihishiana insha za Kiswahili kabla ya kumpelekea mwalimu. La pili, watahiniwa 41 wamepata C+ au zaidi katika somo hilo. Nambari ya pili inaweza kuchapishwa, kwa maana waliobaki ni 23 na hakuna anayeweza kunyooshewa kidole. Lakini asiziunganishe habari hizi mbili kwa neno "kwa hiyo", kana kwamba vikundi ndivyo vilivyoleta alama. Hana ushahidi wa hilo. Aziweke jirani na kumwachia msomaji.

Kuhusu majina, kanuni ni kuchapisha kila jina la kidato kizima au kutochapisha jina lolote. Majina yote 64 yakipangwa kwa alfabeti, bila gredi, ni orodha ya watu waliomaliza safari pamoja, na kila mzazi atalipata la mtoto wake. Asiyetaka jina lake liwemo ana haki hiyo. Lakini wakijiondoa hata wachache, pengo linaweza kusomwa vibaya, na hapo ni heri kuiacha orodha nzima. Kwa hiyo ruhusa iombwe mapema, kabla ya matokeo kutoka, wakati ambapo kukubali au kukataa hakumwambii mtu chochote kuhusu alama.

Na ruhusa hii si adabu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia habari za mtoto, na inataka jambo hilo lifanywe kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto mwenyewe. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mtahiniwa aliyekwisha kutimiza miaka 18 aombwe yeye mwenyewe.

6. Andiko lililoandikwa upya

Sasa tuyaweke pamoja. Habari ni za shule ile ile, na watahiniwa ni wale wale 64:

"Mwezi wa Novemba, wanafunzi 64 wa kidato cha nne walikalia mtihani wa KCSE. Wote waliosajiliwa waliufanya hadi karatasi ya mwisho. Tunawapongeza, na tunawashukuru wazazi waliowaamsha alfajiri na walimu waliobaki nao jioni.

"Kidato hiki kitakumbukwa kwa vikundi vyake 8 vya Jumamosi, ambamo wanafunzi walisomeana na kusahihishiana insha zao. Katika somo la Kiswahili, watahiniwa 41 wamepata C+ au zaidi. Vikundi hivyo vimeachiwa kidato cha tatu, pamoja na daftari za masahihisho.

"Mbele yao njia ni nyingi. Watahiniwa 19 wanaweza kuomba kozi za cheti na za ufundi stadi, 23 wanaweza kuomba kozi za diploma, na 22 wanaweza kuomba kozi za digrii. Mwalimu wa ushauri atakuwa shuleni kila Jumanne na Alhamisi kumsaidia kila mtahiniwa kuchagua kozi na kujaza maombi. Kila mmoja atapewa matokeo yake mwenyewe, na mzazi anayetaka maelezo anakaribishwa kuonana na mwalimu wa darasa.

"Majina ya wanafunzi wa kidato hiki, kwa mpangilio wa alfabeti, yako ukurasa wa pili."

Mpangilio wa vikundi vitatu umeanza na 19 kwa makusudi. Kama ungeanza na digrii na kushuka, msomaji angeisoma sentensi kama ngazi ijapokuwa neno la ngazi halimo. Vilevile neno "wanaweza" limetumiwa kwa wote watatu, bila "angalau" wala "hata", ili sarufi iwatendee sawa. Sentensi za pongezi zina kiima cha wingi, "wanafunzi 64", na hakuna mahali ambapo wachache wamevuliwa kutoka katika wingi huo.

7. Pingamizi mbili

Wako watakaosema kwamba andiko hili linaficha ukweli. Mzazi anayelipa karo ana haki ya kujua shule inaendaje. Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Jibu letu ni kwamba gredi ya kila mtahiniwa humfikia yeye na mzazi wake, na jedwali kamili la gredi huifikia bodi ya usimamizi, ambayo ina wajibu wa kuuliza kwa nini watahiniwa 9 wana D au chini yake na shule ilifanya nini kuwasaidia. Swali hilo ni la lazima, lakini huulizwa walimu mezani. Kijarida kilipowaaibisha wale tisa, kiliwaokoa walimu wasiulizwe.

Wengine watasema kwamba mwenye A- amenyimwa haki yake. Huyu na apongezwe, tena kwa jina, katika barua ya mwalimu mkuu na mbele ya familia yake, na akiamua kutangaza habari yake hakuna wa kumzuia. Alichonyimwa ni kitu kimoja tu, nacho ni wenziwe 63 kutumiwa kama ngazi ya kumwinua. Ni kweli kwamba kijiji kitaulizana na kupanga orodha yake chini ya mti. Kijarida hakina uwezo wa kulizuia hilo. Kina uwezo wa kutolipigia muhuri wa shule, na tofauti hiyo ni kubwa kwa kijana atakayerudi wiki inayofuata kuchukua cheti chake mlangoni pa ofisi ile ile.

Tunapendekeza, basi, kwamba katika kozi za uandishi za idara zetu wanafunzi wapewe kijarida halisi kilichofutwa majina, wapige mstari chini ya kila neno lisiloweza kusimama bila mtu kuwa chini, wajumlishe na kutoa nambari zote zilizomo, kisha waliandike andiko upya. Zoezi hili huchukua muda wa vipindi viwili, na lina sarufi, semantiki na hesabu ndani yake.